Ukiitwa kwenye biashara ya familia: namna ya kuikagua, kujibu na kuishi na jibu lako

Mzazi akisema "rudi tushike biashara", kwa kawaida ameuliza maswali matatu kwa pumzi moja. Anauliza kama utakuja kufanya kazi pale. Anauliza kama uko tayari mali ile iwe yako siku moja. Na anauliza kama wewe ndiye utakayeiongoza yeye akipumzika. Mtoto naye husikia swali la nne ambalo hakuna aliyelitamka, kwamba unaijali familia yako au huijali. Ndiyo maana mtu anayejua kudai mshahara wake mbele ya mwajiri yeyote hukaa kimya mbele ya baba yake, akaitikia "sawa, tutaona", na hiyo "tutaona" ikageuka miaka sita.

Ninayoyaandika hapa yanamhusu mtu mwenye kazi au mpango wake, ambaye biashara ya nyumbani kwao ni ndogo au ya kati na mwanzilishi bado yuko hai na bado anashika funguo.

Kwanza, yatenganishe maswali matatu

Mwaka 1978, Renato Tagiuri na John Davis wa Chuo Kikuu cha Harvard walichora duara tatu zinazopishana: familia, umiliki na biashara yenyewe. Mchoro huo bado unatumika kwa sababu unaonyesha jambo ambalo watu wa nyumba moja hawalioni kirahisi. Mama anaweza kuwa mwanafamilia na mmiliki bila kufanya kazi pale. Meneja aliyefanya kazi pale miaka 15 yuko kwenye biashara, lakini si ndugu na hana hisa. Kaka yako anaweza kuwa ndani ya duara zote tatu, na mdogo wako wa mwisho akawa kwenye moja tu. Wote wanne wakibishana kuhusu kununua gari la mizigo, kila mmoja anasema kweli kutoka mahali aliposimama.

Chora duara hizo na uandike kila jina mahali lilipo leo. Kisha chora tena kama unavyoona zitakavyokuwa mzazi akiwa hafanyi kazi. Sasa jibu maswali matatu, kila moja peke yake. Inawezekana kabisa jibu lako likawa: kufanya kazi hapo, hapana, kumiliki sehemu pamoja na ndugu zangu, ndiyo, kuongoza, hapana, lakini nitasaidia kumtafuta atakayeongoza. Hilo ni jibu kamili. Wengi hukataa yote matatu kwa sababu hawataki moja tu, au hukubali yote kwa sababu wanaogopa kupoteza urithi.

Zipo familia zilizolimaliza jambo hili kwa kanuni iliyowekwa mapema. Kikkoman, watengenezaji wa mchuzi wa soya wa Japani, ni kampuni iliyoanza mwaka 1917 kwa muungano wa familia nane, na wakajiwekea kwamba kila familia huingiza mtu mmoja tu kwa kila kizazi. Biashara ya watu watano haihitaji kanuni kali hivyo. Ila angalia inachofanya: swali la nani aingie linaamuliwa na utaratibu, kwa hiyo asiyeingia hajamkosea mtu.

Pili, omba vitabu kabla hujajibu

Hapa ndipo ninapokaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapoona haya. Kumwomba mzazi hesabu kunaonekana kama kumshuku. Njia iliyo nyepesi ni kuliweka ombi kama sehemu ya kulichukulia neno lake kwa uzito: "Baba, umeniita kwenye jambo kubwa na sitaki nikujibu kwa mdomo mtupu. Naomba nikae na hesabu za miaka mitatu, na daftari la wadaiwa, halafu nirudi kwako na jibu." Mzazi akisema hesabu ziko kichwani, usimbishie. Omba mkae pamoja jioni mbili tatu, yeye aseme na wewe uandike.

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti ana miaka 29, ni mhasibu wa kuajiriwa. Baba yake ana duka la jumla la vipuri vya magari, na kaka yake mkubwa yupo dukani tangu amalize shule. Baba anasema biashara inalipa vizuri. Binti anaweka hesabu kwa kipimo cha mauzo 100, ili asipotee kwenye tarakimu kubwa.

Kwa kila 100 inayoingia, 78 inarudi kununua mzigo. Inabaki 22. Mishahara ya wafanyakazi, umeme, usafiri na kodi vinakula 12. Inabaki 10, na hiyo ndiyo baba anayoiita faida. Lakini matumizi ya nyumbani, ada na dawa vinachukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye droo ya duka, navyo ni 6. Kaka hana mshahara uliopangwa ila huchukua kadiri anavyohitaji, kama 2. Zimebaki 2, ambazo ndizo za kuongeza mzigo na kulipa mkopo wa benki.

Mshahara anaoupata binti kwa mwajiri wake, kwa kipimo hicho hicho, ni 3. Maana yake duka haliwezi kumlipa hata kama baba anataka kwa moyo wote. Akichukua 3 kutoka kwenye 2, mwisho wa mwezi duka lina upungufu wa 1 na hakuna kilichobaki cha benki. Ili mshahara wake ujilipe wenyewe, kila mauzo mapya yanaacha 22 kwa 100, hivyo anahitaji mauzo yapande kwa takriban 14 juu ya kila 100 ya sasa, gharama nyingine zikibaki palepale. Sasa swali limebadilika. Halihusu tena kumpenda baba. Linahusu kama anaona wapi hizo 14 zitatoka, na ndani ya muda gani. Pengine anaona, kwa mfano kuna gereji kubwa ambazo hazijawahi kufikiwa. Pengine haoni, na hapo kuingia ni kwenda kuishi kwenye droo ile ile wanayochukua wengine.

Jambo jingine katika hesabu hiyo ni kwamba jengo ni la baba na halilipiwi pango, na baba mwenyewe hajilipi mshahara. Duka likihamishiwa kwa watoto na jengo likaenda kwa mwingine kwenye mirathi, pango litaanza kulipwa. Meneja atakayechukua nafasi ya baba naye atataka kulipwa. Ondoa vitu hivyo viwili kwenye ile 10, kwa bei ambayo mgeni angelipa, ndipo uone kama kuna biashara au kuna mzee mchapakazi anayejilipa kidogo.

Zaidi ya faida, tazama mambo matatu kwa macho yako. Nenda stoo ukahesabu mzigo ambao haujaguswa kwa mwaka mzima; kwenye vitabu unaonekana ni mali, lakini vipuri vya gari lililoacha kuonekana barabarani haviuziki. Pitia daftari la wadaiwa na upange madeni kwa umri wake. Deni lililopita miezi 12 lichukulie kama halipo mpaka lilipwe. Halafu uliza kuhusu mikopo, na kwa kila mkopo uulize dhamana ni nini na nani ametia saini. Kongo Gumi ya Japani, wajenzi wa mahekalu waliohesabu mwanzo wao tangu mwaka 578, walidumu zaidi ya karne 14, na mwaka 2006 kampuni ikaingia mikononi mwa wengine kwa sababu ya mzigo wa madeni. Umri wa biashara hausemi chochote kuhusu deni lake.

Ukiona mkopo umefungwa kwenye nyumba mnayoishi, hilo si siri ya baba peke yake tena. Na benki ikitaka mtoto aliyeingia jana aongeze saini yake kama mdhamini, kataa mwaka wa kwanza. Mdhamini anadaiwa hata kama hakuamua kukopa na hata kama ameshaondoka.

Tatu, ahadi iende kwenye karatasi

"Haya yote ni yako" ni sentensi ghali sana. Mzazi huitamka kwa upendo na mtoto huipokea kama mkataba. Anakubali kulipwa nusu ya anachostahili, anaacha kazi yake, anajenga biashara kwa miaka, na kumbe mzazi aliwaambia watoto wengine maneno hayo hayo.

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya namna hii. Mtoto alifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake kwa zaidi ya miaka 30, kwa malipo madogo, akiwa ameahidiwa sehemu kubwa ya urithi. Wakakosana, wazazi wakabadilisha wosia na kumtoa. Mahakama ilikubali kwamba ahadi ile ilikuwa na uzito, lakini majaji wenyewe waligawanyika watatu kwa wawili kuhusu apewe nini. Walio wengi waliwaachia wazazi wachague: waweke shamba kwenye amana, lishikwe kwa faida yake baadaye, au wamlipe sasa huku kiasi kikipunguzwa kwa kuwa anapokea kabla ya wakati. Alishinda, kwa maana ya mahakamani. Familia iliishia wapi, unaweza kukisia.

Sheria za nchi hutofautiana na si kila mahali ahadi ya mdomo itasikilizwa. Kitu ambacho hakibadiliki sana ni hiki: biashara iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi haina uhai wa kisheria nje ya mtu huyo. Akifariki inaingia kwenye mirathi pamoja na nyumba na shamba, na warithi wanagawana bila kuuliza nani alifungua mlango saa 12 asubuhi. Ikiwa ni kampuni, kinachorithiwa ni hisa. Kwa hiyo uliza mapema: imesajiliwa vipi, na jina la nani liko kwenye leseni, hati ya kiwanja na akaunti ya benki?

Makubaliano ya kuingia hayahitaji kurasa nyingi. Ukurasa mmoja, tarehe, saini zenu na ya shahidi anayeheshimiwa na pande zote vinatosha kuanzia. Yawe na cheo na kazi yako ilivyo, mshahara na tarehe ya kulipwa, kiasi cha fedha unachoweza kuidhinisha bila kuuliza, na muda wa majaribio. Mimi napendelea miezi 18. Mwaka mmoja ni mfupi, kwa sababu msimu mzima wa kwanza unautumia kujifunza. Mitatu ni mirefu, kwa sababu nafasi uliyoiacha kwa mwajiri wako itakuwa imesahaulika.

Kipengele ambacho watu hukiruka ni cha jasho. Ikiwa unalipwa chini ya bei ya soko, pengo hilo liandikwe kila mwezi. Binti wetu akikubali 2 badala ya 3, ile 1 iingie kwenye daftari kama deni la biashara kwake, na ikubaliwe kwamba baada ya miezi 18 litalipwa taslimu au kugeuzwa hisa. Mzazi akikataa hata kuliandika, umejua tangu mapema kwamba anaihesabu kama zawadi. Unaweza kuitoa zawadi hiyo, ila uitoe ukijua.

Na wosia? Usiulize "utaniachia nini". Uliza swali la uendeshaji: "Ukilazwa hospitali miezi mitatu, nani anatia saini za benki, na wauzaji watamsikiliza nani?" Jibu la swali hilo likishakuwa kwenye karatasi, lile la mirathi huja lenyewe, na mara nyingi mama ndiye atakayelianzisha.

Nne, kaka ambaye yupo tayari

Mtoto wa pili kuingia anaweza kufanya kila kitu vizuri na bado akaharibu nyumba, kwa sababu hakuzungumza na yule aliyemtangulia. Kaka alibaki wakati wengine walisoma. Hana cheti, ana majina ya wateja 200 kichwani. Sasa anakuja mdogo wake na kompyuta, na kitu cha kwanza anachopendekeza ni kila mtu awe na mshahara, maana yake kaka asichukue tena kwenye droo.

Nenda kwake kabla ya kumjibu baba, na uende peke yako. Muulize anataka nini miaka mitano ijayo. Huenda anataka kuondoka na hajawahi kuulizwa. Mgawane maeneo ambayo hayagusani: yeye mauzo na wateja, wewe fedha na manunuzi. Na mshahara wake upangwe kwanza, tena usiwe chini ya anachochukua sasa. Ukianza kwa kumpunguzia, hutapata siku ya kumweleza faida ya mfumo wako.

Tano, kama jibu ni hapana

Kukataa vibaya kuko kwa namna mbili. Moja ni kuahirisha: "nikimaliza mkataba huu", "mtoto akianza shule". Mzazi anaendelea kukutegemea, haajiri meneja, hauzi, hamfundishi mtu mwingine, na kila mwaka nguvu zinapungua. Hapo "labda" yako inamgharimu kuliko "hapana". Nyingine ni kukataa kwa kuidharau biashara, kusema haina maisha au imepitwa na wakati. Hata kama ni kweli, ndiyo iliyolipa ada yako.

Jibu hapana kwa sentensi fupi, ukiwa ana kwa ana, na si siku ya sherehe wala mbele za wageni. Kisha weka mezani kitu ulichokileta. Kwa mfano: "Baba, nimekaa na hesabu na nimefikiri. Sitakuja kufanya kazi dukani, si mwaka huu wala mwakani, na nimeona ni heshima nikwambie wazi. Ila nimeona wadaiwa wamezidi, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakaa na wewe tuzipitie hesabu. Na tukubaliane lini tuanze kumtafuta msimamizi." Kazi ya saa nne kwa mwezi, yenye siku yake, inatuliza kuliko ahadi pana ya "nitasaidia".

Tegemea kimya, na baada ya kimya, wajumbe. Shangazi atapiga simu, halafu baba mdogo. Usianze kujitetea kwa kila mmoja, kwa sababu maelezo matano yatarudi nyumbani yakiwa hadithi tano. Mwambie kila mjumbe neno moja: "Nimezungumza na baba, yeye anajua sababu zangu, naomba umuulize yeye." Endelea kufika nyumbani kama kawaida, na ile Jumamosi usiikose hata moja katika miezi ya mwanzo.

Ukihitaji mtaji wa mradi wako kutoka nyumbani, taja mapema kama ni mkopo, zawadi au hisa, na ndugu zako wajue. Mtaji usio na jina ndio unaokuja kusomwa siku ya mirathi: "huyu alishachukua fungu lake."

Dalili kwamba mambo yanakwenda kombo

Kwa aliyeingia, dalili ya kwanza haiko kwenye fedha. Iko kwa wafanyakazi. Ukitoa agizo asubuhi na saa sita mfanyakazi akaenda kwa mzee kuulizia, na mzee akajibu tofauti, huna cheo, una kiti tu. Mara ya kwanza zungumza na mzee faragha, mkubaliane kwamba akiulizwa jambo lililo kwenye eneo lako atasema "muulize mwenyewe". Ikitokea mwezi wa sita bado yale yale, lipelekwe kwenye kikao mbele ya yule shahidi.

Dalili ya pili ni mshahara kuruka mwezi huku ununuzi mkubwa ukiendelea. Ya tatu ni mzee aliyetangaza kupumzika lakini kitabu cha hundi na nywila ya benki haviondoki mfukoni mwake. Hiyo ya tatu nisingeigombea haraka. Mtu aliyejenga kitu kwa miaka 30 anahitaji mahali pa kwenda asubuhi, kwa hiyo mtafutie kazi halisi yenye mwisho wake, kama wateja wake 10 wa zamani au mazungumzo na wauzaji wakubwa, kisha saini zihamishwe kidogo kidogo: kwanza malipo madogo, baada ya miezi sita ya kati, mikopo mwisho kabisa.

Miezi 18 ikitimia, kaeni na ule ukurasa. Ukiamua kuondoka, toa notisi ya miezi mitatu kama kwa mwajiri mwingine yeyote, andika orodha ya mzigo, madeni na nywila ulizoshika, na mkabidhiane mbele ya shahidi. Waambie wauzaji na wateja wakubwa mkiwa wawili, wewe na mzazi, ili wasisikie kwa kaka wala kwa dereva. Nenda pia benki kuondoa jina lako kwenye orodha ya watia saini, na uombe barua inayothibitisha hivyo. Kama uliwahi kudhamini mkopo, kuondoka kwako hakukutoi. Dhamana inakwisha mkopo ukilipwa au benki ikikubali kwa maandishi mdhamini mwingine, na hilo limalizwe kabla ya siku yako ya mwisho.